Sura ya Nne: Karibu ya Mdomo na Karibu ya Mkeka

Umekaa barazani, sahani ya wali iko mbele yako, na mtu unayemfahamu anapita njiani. Huna budi kusema neno, na unalisema kabla hajakupita: "Karibu." Naye, bila kupunguza mwendo, anaitika, "Asante, endelea," na kwenda zake. Hakuna aliyelishwa wala aliyenyimwa. Kesho yake, saa ile ile, mtu yule yule akipita nawe ukatamka neno lile lile, huenda akavua viatu, akapanda barazani na kukinga mikono anawishwe. Siku hiyo nayo hakuna aliyekosea. Neno halikubadilika hata herufi moja, ila jana ilikuwa karibu ya mdomo na leo ni karibu ya mkeka. Aliyelelewa kwa Kiswahili huzitofautisha bila kufundishwa. Aliyejifunza lugha hii ukubwani ndiye anayetaabika, maana kamusi haimfikishi mbali.

Kamusi itamwambia kwamba neno limetoka katika Kiarabu na kwamba maana yake ya awali ni kutokuwa mbali. Duka liko karibu na msikiti, karibu nianguke, walifika karibu watu mia. Kumkaribisha mtu, basi, ni kumtaka asogee. Hapo neno likaanza kujifanya kitenzi. Likachukua ile "-ni" ya wengi, tukawa tunasema "karibuni" kama tunavyosema "njooni" na "ngojeni". Lakini halikubeba nafsi wala wakati. Anayesema "nakualika" amejitaja yeye, amekutaja wewe, na kwa kawaida ataitaja na siku. Anayesema "karibu" hajasema nani anaita, hajasema uje sasa au mwakani, wala hajasema usogee mpaka wapi. Uwazi huo una kazi yake. Unampa mwenyeji uwezo wa kumheshimu kila apitaye bila kulazimika kupikia mtaa mzima, na unampa mgeni njia ya kutoketi bila kuonekana kwamba ameidharau nyumba. Kila kinachobaki, yaani nani, lini na mpaka wapi, hutafutwa katika sauti, katika mikono na katika jibu.

Tuanze na "mpaka wapi", maana hilo huamuliwa mlangoni. Mgeni wa Kiswahili hasemi "nifungulieni". Husema "Hodi", na huisema akiwa amesimama kando ya mlango, si mkabala nao, ili ukifunguliwa macho yake yasitangulie kuingia. Akikosa jibu hungoja kidogo akarudia, na baada ya mara tatu huondoka. Mwambao adabu hii ina uzito wa dini. Sura ya 24 ya Qur'ani, Surat Nur, inawakataza waumini kuingia nyumba za wengine mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na inawataka warudi wakiambiwa warudi. Hizo mara tatu zimo katika hadithi za Mtume. Lakini hodi haikubaki kwa Waislamu. Mkristo wa Tabora au wa Songea atapiga hodi vilevile, na kule Buganda watu wameichukua ikawa "koodi", na jibu lake ni "kalibu".

Hodi ikijibiwa "karibu" tu, mgeni mwenye adabu haingii moja kwa moja. Anasogea hatua moja, anangoja asikie zaidi. Nyumba zetu zenyewe zimejengwa kwa kusogea huko. Nyumba za mawe za Lamu zina daka nje, lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mtu anaweza kuketi na mwenye nyumba hata saa nzima na hakika akawa amekaribishwa. Ndani ya mlango kuna tekani, na hapo njia hupinda ili aliye mlangoni asiweze kuona kiwandani. Mgeni wa kulala, mara nyingi mfanyabiashara aliyekuja na chombo, alipewa chumba chake, sabule, ambacho hakikumpitisha walipo wanawake. Wenye nyumba walimpokea kwa moyo wote, na bado asiione nyumba.

Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Ilala ina ngazi zilezile kwa matofali ya bei nafuu zaidi. Kuna baraza mbele, kuna ukumbi mrefu wenye vyumba kulia na kushoto, na nyuma kuna ua wenye jiko na choo. "Karibu" tupu inaishia barazani. "Karibu ndani" inafika ukumbini. "Pita huku uani" haiambiwi mwanamume asiye wa nyumba hiyo. Jirani wa kike yeye hupitia mlango wa nyuma, anapiga hodi huku miguu iko ndani tayari, na hata asipojibiwa hajali. Ukiona mtu ameacha kungoja karibu yako, jua amekwisha kuwa wa nyumbani.

Kuna karibu moja ya mlangoni ambayo wageni wa lugha huikosea sana. Mtu anapiga hodi, mke wa nyumba anaitika kutoka ndani:

"Karibu. Mwenyewe hayupo."

Mtu wa mahali pengine angesikia neno la kwanza akashika kitasa. Mswahili anasikia sentensi ya pili, na anajua kwamba ile ya kwanza imempa heshima tu. Jibu lake ni, "Haya shemeji, mwambie nilipita. Nitarudi jioni." Kama mwenyewe yuko njiani na mke anataka mgeni angoje, atasema, "Karibu, pumzika hapo barazani, anakuja sasa hivi," na mtoto atatoka na kiti. Asiposikia pa kukaa wala kuona kiti, mgeni aondoke.

Lakini mlango ni sehemu nyepesi. Penye mtihani ni kwenye chakula, na hapo nitakaa kidogo. Chukua mfano huu. Nimeutunga, ila kila kipande chake nimekishuhudia. Ni Ijumaa baada ya sala, Tanga, mtaa wa Ngamiani. Mwalimu mstaafu na watu wake wamekaa mkekani ukumbini, wamezunguka sinia la wali wa nazi, mchuzi wa changu na kachumbari. Mlango uko wazi. Anafika fundi seremala aliyekuja kuzungumzia kitanda.

"Hodi hapa!"

"Karibu fundi."

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Karibu, umetukuta kwenye sinia."

"Alhamdulillahi, endeleeni mwalimu. Mimi nimepita mara moja tu."

Hiyo ndiyo karibu ya kwanza na hilo ndilo jibu lake. Mwalimu asingeweza kutoisema, na fundi asingeweza kuikubali, hata kama hajatia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi. Angalia fundi alichofanya kwa kusema "nimepita mara moja tu". Amemwachia mwalimu njia ya kutokea. Pengine wali umebaki tonge tatu, pengine kuna mazungumzo ya kifamilia. Ikiwa hivyo, mwalimu atasema, "Haya, kaa barazani kidogo, nakuja," na fundi atajibu, "Starehe mwalimu, maliza tu." Mambo yatakwisha hapo bila aibu kwa yeyote.

Siku hiyo hayakuishia hapo. Mwalimu alisema, "Acha maneno bwana, mama mkwe anakupenda," kama tunavyomwambia kila anayetokea chakula kikiwa chini. Fundi akacheka, akashika tumbo. "Nimeshiba kweli mwalimu, nimetoka kula sasa hivi." Hii ni mara ya pili, na wote mkekani wanajua kwamba huko kushiba hakuhusiani na tumbo. Kama mwalimu angeacha hapo, hata sasa asingelaumiwa.

Mara ya tatu mwalimu hakusema na fundi hata kidogo. Alimgeukia mjukuu wake wa kike.

"Mpe fundi maji anawe."

Mtoto akainuka na birika na bakuli. Kijana aliyekuwa upande wa mlango akasogea, nafasi ikapatikana. Fundi akavua viatu. "Haya, Bismillahi, tonge moja tu," akasema, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu matonge.

Kwa maoni yangu sentensi ile aliyoambiwa mtoto ndiyo alama ya kuaminika kuliko zote. Neno unaloambiwa wewe unaweza kulijibu, na jibu la adabu ni kukataa. Amri aliyopewa mtoto haikuelekezwa kwako. Ili uikatae lazima utengue agizo la mwenye nyumba ndani ya nyumba yake, na jambo hilo hakuna mgeni mwenye akili anayelifanya. Kwa hiyo mwenyeji anayekutaka kwa dhati huacha kusema nawe, akaanza kusema na watu wake: mpeni kiti, mleteeni sahani, sogeeni huko. Ukisikia vitenzi vinavyoanza na "m", na huyo "m" ni wewe, anza kufungua kamba za viatu.

Karibu ya mdomo nayo ina alama zake. Mwenyeji anaisema, macho yanarudi kwenye sahani, mkono haukusimama. Au anaifuatisha haraka na swali: "Karibu. Enhe, lete habari." Swali la shughuli huifunga karibu papo hapo, na mgeni hueleza kilichomleta akiwa wima. Kinyume chake, mwenyeji akianza kukidharau chakula chake mwenyewe, akasema hakuna kitu hapa, ni wali mkavu tu, ujue anakutaka. Anajitetea mapema kwa sababu ameshakuhesabu miongoni mwa walaji.

Wapo siku hizi wanaouliza, "Utakula?" Wanadhani wanamrahisishia mgeni kazi kwa kumpa uchaguzi. Kwetu mgeni haulizwi. Ukimuuliza umemweka mahali ambapo akisema ndiyo ameonekana mlafi, na akisema hapana umefurahi. Bibi zetu walilisikia swali hilo kama namna ya kunyima kwa upole, nami bado nalisikia hivyo. "Chai utakunywa?" ni swali la mhudumu wa mgahawa. Nyumbani chai huja na kikombe, na "karibu chai" husemwa kikombe kikiwa tayari mbele ya mgeni.

Je, mtu aliyeshiba kweli afanye nini birika likimfikia? Anawe, akae, aonje. Tonge moja au mawili yanatosha, kisha aseme, "Alhamdulillahi, nimeonja." Kuonja kuna sababu ya zamani isiyosemwa kwa sauti. Anayekataa hata kuonja anaacha swali kwamba labda ana kinyongo, au anashuku alichopikiwa. Ndiyo maana utani wa kawaida kwa mgeni anayevuta mguu ni, "Kula bwana, hatukutia sumu." Watu hucheka, lakini mgeni hunyoosha mkono.

Nimelitaja jibu la "starehe", nalo lina habari yake. Unguja na sehemu nyingi za mwambao ndilo jibu zuri la karibu. Mgeni anapowakuta watu wamekaa, wakataka kuinuka kumpisha, husema "starehe", yaani kaeni kama mlivyo, msijisumbue kwa ajili yangu. Apitaye mbele ya walaji akiitika "starehe" amewatakia wale kwa raha zao. Ukilipeleka jibu hilo bara utashangaliwa, maana huko starehe imekwisha kuhusishwa na baa na muziki, na kijana wa Mwanza uliyemjibu hivyo anaweza kudhani unamwambia yeye ndiye anayekula maisha. Bara tumia "asante". Aliyekwisha kuketi, akaendelea kukaribishwa na kila anayeingia sebuleni, ajibu "nishakaribia", na neno hilo linaeleweka kote.

Mambo huharibika zaidi pale ambapo karibu ya mdomo inachukuliwa kwa uzito wake wote. Uwanja mkuu wa ajali hizi ni basi la safari ndefu. Basi limesimama Korogwe au Chalinze, umenunua chipsi na kipande cha kuku kwenye mfuko mdogo, umerudi kwenye kiti. Abiria wa pembeni humjui hata jina. Kimya ni ukosefu wa adabu, kwa hiyo unaufungua mfuko kidogo kuelekea upande wake na kusema, "Karibu." Yeye anatakiwa kusema, "Asante, kula tu," na kutazama dirishani. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Lakini akiwa mgeni wa nchi, aliyesoma kwamba Waswahili ni wakarimu, ataingiza vidole na kuchukua chipsi tatu, nawe utatabasamu kwa shida. Hujaibiwa. Ulisema karibu mbele ya mashahidi. Na akiwa mtoto aliyepakatwa na mama yake, kanuni yote inavunjika, maana mtoto hajui kukataa kwa adabu na wewe huwezi kumnyima. Mama atasema, "Acha, mwache anko ale," na hapo hapo utamkatia mtoto kipande. Hiyo karibu imegeuka kuwa ya mkeka ndani ya basi, na haikugeuzwa na wewe.

Kosa la upande wa pili ni kula kimya. Ofisini mtu anayefungua chombo cha chakula bila kusema kitu atasikia kutoka meza ya jirani, "Karibisha basi!" Anayesema hivyo kwa kawaida hataki chakula. Anadai neno lake. Mwenye chombo akisema, "Ah, samahani, karibuni," atajibiwa na wote kwa pamoja, "Asante!" na kazi itaendelea. Nimewaona wageni wa ofisi wakikata nusu ya mkate wao kwa hofu, kumbe walichodaiwa kilikuwa silabi tatu.

Jibu moja tu halibishiwi na mwenyeji yeyote mwambao, nalo ni "nimefunga". Mtu anaweza kufunga nje ya Ramadhani, hasa Jumatatu na Alhamisi, na akilisema hilo birika linarudi jikoni bila mjadala. Mwezi wenyewe wa Ramadhani, mchana, karibu ya chakula hutoweka mitaani, na mgonjwa anayelazimika kula hula ndani. Halafu magharibi mambo hugeuka. Karibu ya futari haina daraja ya mdomo. Katika Uislamu anayemfuturisha aliyefunga anaandikiwa thawabu, kwa hiyo mwenyeji naye ana anachokitaka kwa mgeni. Kwenye mitaa ya Unguja na uswahilini kwetu Dar es Salaam wapo wanaotandika mikeka nje, na jua likikaribia kuzama mpita njia hushikwa mkono. Hapo kukataa mara tatu ni kuchelewesha watu tende zao. Keti mara ya kwanza.

Na karibu ya dukani? Wapo wanaolalamika kwamba wafanyabiashara wameliharibu neno, kwamba ukipita Kariakoo unakaribishwa na watu wengi kuliko waliowahi kukukaribisha nyumbani kwao. "Karibu boss, karibu dada, ingia uangalie, kuangalia bure." Malalamiko hayo hayajui historia ya pwani hii. Ibn Batuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza kwamba merikebu ikitia nanga, vijana huiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mmoja wa wafanyabiashara sahani hiyo na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hulala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia mali. Mtu akimpunja mgeni katika bei, au akimuuzia bila mwenyeji kuwapo, mauzo hayo hayakutambuliwa. Sahani ya chakula ilikuwa ukarimu na ilikuwa mkataba, na hakuna aliyeona haya kwa hilo. Sabule ya Lamu, niliyoitaja juu, ilifanya kazi hiyo hiyo. Biashara na ukaribisho vililelewa pamoja huku, na muuza vitenge wa Kariakoo hakubuni kitu. Mjibu "asante, napita" huku unatembea, naye ataridhika. Ukisimama na kuuliza bei umekwisha kuvua viatu.

Hapo ndipo pia ninapoielewa ile karibu inayosemwa baada ya asante. Wazee wengi walizoea kujibu "haya", "si neno" au "asante kushukuru", na wapo wanaodai kwamba kujibu shukrani kwa "karibu" ni mazoea ya hotelini, yaliyoletwa kuwaridhisha watalii. Sikubaliani nao kabisa. Muuza duka anayepokea asante yako na kusema "karibu" anakwambia uje tena, na hiyo ni maana halali ya neno tangu zamani. Ninachokataa ni karibu ya asante pale ambapo hakuna pa kurudi. Umemwokotea mtu kalamu, amekushukuru, unamwambia karibu. Akaribie wapi? Mwambie "haya". Na "jisikie nyumbani" nayo iachwe kwa waliotafsiri. Sisi tuna "usijione mgeni" na "hapa ni kwako".

Karibu ya mwisho husemwa mgeni akiondoka, nayo huwashangaza wengi, kwamba mtu anakaribishwa akiwa anatoka. Mgeni haanzi na kwaheri. Huomba ruhusa: "Jamani, naomba niwaage." Mwenyeji sharti aseme ni mapema mno, hata kama ni saa nne usiku na watoto wamelala vitini. Mgeni anaomba tena, anaruhusiwa. Kisha anasema "kwaheri" na kujibiwa "karibu tena", naye anasindikizwa. Kusindikiza kuna vipimo vyake. Kuishia mlangoni ni kwa aliyekuja kwa shughuli, na rafiki husindikizwa mpaka barabarani anapopandia daladala.

Pale barabarani kuna wajibu ambao wageni wengi husahau. Mgeni aliyekula naye anatakiwa kukaribisha. "Asante sana kaka, na nyie karibuni kwetu. Msije mkasema njia hamuijui." Asiposema hivyo atakuwa amepokea karibu tangu mlangoni mpaka mkekani na hakurudisha hata moja, na mke wa mwenyeji atalitaja jambo hilo wakati anakusanya vyombo. Lakini karibu hii ya barabarani kwa asili yake ni ya mdomo. Haina siku, na jibu lake ni "Inshallah" au "tutakuja tu", ambalo nalo halina siku. Familia mbili zinaweza kukaribishana hivyo kwa miaka kumi, kwa mapenzi ya kweli, na kamwe zisikutane kwenye sinia moja. Kwa hiyo ukiwa unawataka watu kwako, usiishie kwenye "karibuni". Taja siku, taja saa, na ukishindwa vyote taja utakachopika. "Karibuni Jumapili, nitapika pilau" watu huja.